Yai moja ni gramu ngapi?

Hotuba kwa wapishi wa gato, ukumbi wa parokia, komini ya Kenya, Lubumbashi

Wamama, wadada, na wapapa wachache mliokuja, jambo yenu wote. Nimeombwa nizungumze juu ya gato za ndoa, na najua wengi mlitarajia tuanze na mapambo. Mimi nitaanza na mayai, kwa sababu gato ikishatoka ngumu, hakuna krimu itakayoiponya.

Fungueni daftari zenu mahali popote penye mapishi ya jenwazi, ile gato laini isiyo na siagi na isiyo na levire, tunayoikata tabaka mbili au tatu na kuijaza krimu. Karibu zote zimeandikwa hivi: mayai 4, sukari gramu 120, unga wa ngano gramu 120. Tazameni vizuri. Sukari imepimwa kwa mizani, unga umepimwa kwa mizani, lakini yai limehesabiwa kwa kidole. Na kati ya vyote vitatu, yai ndilo linaloiinua jenwazi. Levire hakuna, hewa yote mnayoiona ndani ya gato iliingia wakati wa kupiga mayai na sukari. Kwa hiyo kitu tunachokipima kwa uzembe ndicho kinachobeba kazi yote.

Sasa, mtu aliyeandika mapishi hayo alikuwa na yai gani mkononi? Swali hili lina jibu, wala si siri. Wapishi wa Ufaransa na Ubelgiji, ambako mapishi yetu mengi yametoka, wanahesabu yai moja bila ganda kuwa gramu 50: ute gramu 30, kiini gramu 20. Hiyo ndiyo hesabu ya shule za patisri. Kule Ulaya mayai hupangwa kwa uzito yakiwa na ganda: chini ya gramu 53 ni S, kuanzia 53 hadi chini ya 63 ni M, kuanzia 63 hadi chini ya 73 ni L, na 73 kwenda juu ni XL. Yai la M la gramu 57 hivi, ukilitoa ganda, linakupa zile gramu 50.

Mkichukua mapishi ya Marekani kwenye simu, mtakuta yanadai yai kubwa. Msiogope neno hilo. Kule Marekani dazeni ya mayai ya daraja hilo haina budi kufika aunsi 24, yaani gramu 680 hivi, na ukigawa kwa 12 unarudi kwenye gramu 57 na ganda lake. Yai kubwa la Mmarekani ni M la Mfaransa. Lakini L ya Ulaya si hiyo. L inakaribia gramu 60 bila ganda. Kwa hiyo angalieni kwanza mapishi yametoka wapi. Ya Kifaransa, ya Kibelgiji na ya Kimarekani, andikeni 50. Ya Uingereza yanayotaka yai kubwa, andikeni 58 au 60.

Basi turudi hapa kwetu. Mayai mengi tunayonunua yanaingia kupitia Kasumbalesa kutoka Zambia, mengine yanatoka kwenye mashamba ya kuku yanayouzunguka mji, na mengine ni ya kuku wa kijijini. Tunanunua kwa plato, mayai 30, na plato moja hailingani na nyingine. Kuku wa kisasa anapoanza kutaga hutoa yai dogo, na kadiri anavyokua mayai yake huongezeka uzito. Mfugaji akibadilisha kundi, wiki ileile mnayopika gato ya ndoa ndipo mnapokutana na mayai ya gramu 45. Muuzaji ni yuleyule, bei ni ileile, na mwenyewe huoni tofauti kubwa kwa macho, kwa sababu macho hupima urefu, na yai likipungua milimita chache kila upande huwa limepoteza gramu nyingi.

Nitawaonyesha kwa mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Dada mmoja amepata oda ya gato ya ndoa. Amezidisha mapishi yake ili yatumie plato nzima: mayai 30, sukari gramu 900, unga gramu 900. Ni hesabu safi, kwa sababu kila yai linakwenda na gramu 30 za sukari na gramu 30 za unga. Mapishi yake, kwa maandishi ya mizani, yanataka gramu 1500 za mayai, maana 30 mara 50 ni 1500.

Amenunua plato. Kabla ya kuvunja hata yai moja, anaweza kujua ana nini. Aiweke plato nzima juu ya mizani, asome, kisha akishatoa mayai apime ile plato tupu ya karatasi na kutoa uzito wake. Tuseme mayai 30 yenyewe yamesoma gramu 1350. Ganda ni sehemu ya kumi ya yai na kidogo zaidi, na ute kidogo hubaki umeshika ndani ya ganda. Mimi nazidisha kwa 0.88. Hesabu hiyo inatoa gramu 1188. Tuseme 1200 ili tusiumize kichwa, kila yai gramu 40.

Alihitaji 1500. Ana 1200. Amepungukiwa gramu 300, yaani mayai 6 kamili ya yule mwandishi wa mapishi. Niambieni, yuko nani hapa ambaye angesoma mayai 30 akaweka 24 kwa makusudi? Lakini ndicho kinachotokea, na hakuna anayekiona, kwa sababu maganda yaliyoko kwenye ndoo ni 30.

Akiendelea hivyo bila kupima, nini kitatokea? Dalili ya kwanza inaonekana mapema, wakati wa kupasha mayai na sukari juu ya maji ya moto. Mchanganyiko unakuwa mzito kuliko kawaida, na mkisugua tone moja kati ya vidole mnasikia chembe za sukari hata unapokuwa umeshafika joto la mwili na kupita. Yai, sehemu kubwa yake ni maji, kama robo tatu. Mayai yakipungua, maji ya kuyeyusha sukari yamepungua. Dalili ya pili ni kwenye mashine ya kupigia. Mchanganyiko unaweza kufika utepe, ule ukanda unaodondoka kutoka kwenye mchapo na kukaa juu sekunde kadhaa kabla ya kuzama, na mkadhani mambo ni mazuri. Lakini bakuli halijajaa kama siku nyingine. Tazameni ukingo wa bakuli, msitazame utepe peke yake, kwa sababu sukari nyingi hutengeneza utepe hata hewa ikiwa haitoshi.

Halafu unakuja unga. Gramu 900 za unga zinaingia kwenye povu ambalo lilitakiwa kupokea 720. Unga hauchanganyiki haraka, unabaki mifuko mifuko chini ya bakuli, na mpishi anaendelea kugeuza kwa mwiko ili uishe. Kila mgeuzo unavunja mapovu. Yaani hasara inatokea mara mbili: hewa ilikuwa chache, na hiyo chache inapigwa na mwiko mara nyingi zaidi. Gato inatoka fupi, uso wake umepasuka, ndani ni kavu, na ukiikata makombo yanamwagika. Kesho yake mwenye ndoa anasema unga ulikuwa mbaya. Unga hauna kosa.

Kuna njia mbili za kutoka hapo, na uchaguzi unategemea kama mnaweza kupata mayai mengine.

Njia ya kwanza ni kuongeza mayai. 1500 gawa kwa 40 ni 37 na nusu. Vunjeni mayai 37, mkiyapima yatakuwa karibu na 1480. La 38 livunjeni pembeni kwenye kikombe, lipigeni kwa uma mpaka ute na kiini viwe kitu kimoja, kisha mimineni kidogo kidogo mpaka mizani isome 1500. Ni lazima lipigwe kwanza. Mkijaribu kumimina nusu ya yai lisilopigwa, ute unateleza wote kwa mara moja na kiini kinabaki, na mmeongeza kitu kingine kabisa. Kinachobaki kikombeni kifunikwe na kitumike siku hiyohiyo. Kwa umeme wetu unaokatika, sitawashauri kukilaza kwenye friji. Kinatosha kupaka juu ya mikate midogo kabla ya kuingiza ovenini.

Wakati wa kuvunja, kila yai lipitie kikombe kwanza kabla ya kuingia bakulini. Yai moja lililooza likiingia kwenye gramu 1400, mnamwaga plato nzima na zaidi.

Njia ya pili ni ya mtu ambaye ni saa mbili usiku, soko limefungwa, na ana plato moja tu. Huyo asiongeze yai, apunguze vingine. Ana 1200, mapishi yanataka 1500. 1200 gawa kwa 1500 ni 0.8. Sasa kila kitu kwenye mapishi kizidishwe kwa 0.8: sukari 900 inakuwa 720, unga 900 unakuwa 720, chumvi na vanila vilevile. Gato itakuwa ndogo kidogo, lakini itakuwa jenwazi ya kweli, laini na ndefu kwa kipimo chake.

Hapo msisahau chombo cha kuokea. Mchanganyiko uliopungua kwa sehemu moja ya tano, ukimiminwa kwenye chombo kilekile, unakwenda chini kwa sehemu moja ya tano: gato iliyokuwa sentimita 5 inakuwa 4, na inaiva mapema, kwa hiyo ikiachwa dakika zilezile inakauka. Mwenye vyombo vya duara vya sentimita 24, achukue vya sentimita 22. Eneo lake linapungua karibu sawasawa na mchanganyiko, na urefu unabaki karibu uleule. Asiye na 22, atumie 24 yake na aanze kuangalia dakika tano kabla ya saa aliyoizoea.

Mkitaka kuandika mapishi yenu upya, na ninawaomba mfanye hivyo usiku huu kabla ya kulala, msiandike mayai 4 tena. Andikeni hivi: mayai yaliyovunjwa gramu 100, sukari gramu 60, unga gramu 60. Ukiwa na mayai ya gramu 730, unajua mara moja sukari ni 438 na unga ni 438. Hakuna yai la kukata nusu, hakuna kujiuliza plato ya leo ni ya shamba gani. Mapishi yanafuata mayai uliyo nayo.

Wazee wetu waliofundishwa na masista walijua jambo hili katika gato nyingine, ile ya katre-kari. Mayai waliyaweka upande mmoja wa mizani yakiwa na maganda yake, na upande wa pili wakaweka siagi mpaka mizani isimame sawa, kisha unga, kisha sukari. Vitu vinne, uzito mmoja. Iwe mayai ni ya kuku wa kijijini au ya kuku wa kisasa, gato ilitoka ileile, kwa sababu yai ndilo lililokuwa jiwe la mizani. Angalieni tu kwamba katika desturi hiyo ganda linapimwa pamoja. Wengine siku hizi wanapima bila ganda, na gato inatoka na yai zaidi kidogo ikilinganishwa na siagi, unga na sukari. Zote mbili zinaliwa, lakini chagueni moja na muiandike.

Sasa niseme juu ya mapishi yanayotenganisha kiini na ute, kwa sababu hapo ile 0.88 yangu haisaidii. Gramu 50 zinagawanyika 30 na 20 kwenye vitabu, lakini mkiweka viini juu ya mizani mtaona mara nyingi 17 au 18, na kwa yai dogo la kuku mchanga mtaona hata 13 au 14. Yai la kuku wa kijijini ni dogo pia, lakini kiini chake kina sehemu kubwa zaidi ya yai kuliko la kuku wa kisasa. Kwa hiyo mayai mawili ya gramu 45 kutoka kuku wawili tofauti hayatoi kiini sawa. Hakuna njia ya mkato: vikitenganishwa, kila upande upimwe peke yake.

Krimu ya patisri ya nusu lita ya maziwa ikitaka viini 4, andikeni gramu 80. Kwa viini vya gramu 14 mtavunja mayai 6, na kidogo kitabaki. Mkiweka 4 tu, krimu bado itashika, kwa sababu maizena ndiyo inayoshika kazi kubwa, lakini itakuwa nyeupe, na ulimi utasikia maizena kabla ya kusikia yai.

Kwenye merengi kosa linaonekana vibaya zaidi. Kanuni ya merengi ni sukari mara mbili ya uzito wa ute. Mapishi yakisema ute wa mayai 4 na sukari gramu 240, yanahesabu ute wa gramu 120. Mkiwa na mayai madogo, ute wa mayai 4 unaweza kuwa gramu 100 tu. Sukari yake ni 200. Zile 40 zilizozidi haziyeyuki, na wakati wa kukausha ovenini zinatoka chini kama asali, merengi inanata kwenye karatasi na haiondoki nzima. Mkiona matone ya rangi ya kahawia chini ya merengi, kabla ya kulaumu moto, pimeni ute.

Si kila kitu kinahitaji taabu hii. Vitumbura, yai moja kubwa au dogo, mnaongeza maji au unga mpaka mkono uridhike. Mikate vilevile. Hata pati ya shu, mpishi anamalizia kwa macho, anaongeza yai lililopigwa mpaka unga udondoke taratibu kutoka kwenye mwiko. Lakini hata hapo ni vema kuanza na uzito na kubakiza kidogo, kwa sababu yai likishazidi kwenye pati ya shu halitoki.

Na kuna kitu ambacho mizani haiponyi. Yai lililokaa siku nyingi njiani na sokoni kwenye joto linapoteza maji kupitia ganda, na ute wake unalegea. Mtalipima, mtapata gramu zenu, na hata povu likipatikana haraka, povu lenyewe halitasimama vizuri. Kwa jenwazi, yai lililotumbukizwa kwenye maji ambalo linalala chini kabisa ndilo la kutumia. Linalosimama kwa ncha peleka kwenye kukaanga au kwenye katre-kari. Linaloelea, tupeni.

Mama mmoja hapa mbele ameinua mkono, anauliza: mimi sina mizani, nifanye nini? Mama, swali lako ni la wengi, na jibu lipo. Yai lililopigwa ni zito kuliko maji kwa kiasi kidogo sana. Gramu 200 za yai ni karibu mililita 195. Chukua bibero safi ya mtoto, ile yenye alama za mililita ubavuni. Vunja mayai yako, yapige kwa uma polepole bila kutia povu, yapitishe kwenye chujio, kisha mimina kwenye bibero na uiweke mezani ili usome alama kwa usawa wa jicho. Mapishi yakitaka mayai 4, mimina mpaka chini kidogo ya 200. Yakitaka mayai 2, chini kidogo ya 100. Povu likiwepo litakudanganya, kwa hiyo liache litulie dakika kadhaa kabla ya kusoma.